Punguzo Kwanza au Kodi Kwanza?

Tuseme unanunua friji Nairobi. Muuzaji amekuandikia shilingi 50,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ya asilimia 16, kisha akakubali kukupunguzia asilimia 10. Akianza na punguzo, bei inashuka hadi 45,000, kodi ni 7,200, unalipa 52,200. Akianza na kodi, bei inapanda hadi 58,000. Toa asilimia 10, utalipa 52,200 vilevile. Hata ukibishana naye mpaka jioni, punguzo likiwa la asilimia mfuko wako hautaona tofauti.

Mwenye duka ndiye anayeiona. Akiandika kodi ya 8,000 juu ya bei kamili halafu akupunguzie, katika zile 52,200 atabaki na 44,200 tu. Akipunguza kwanza anabaki na 45,000. Shilingi 800 zake zimekwenda serikalini bure, maana punguzo linalotolewa papo hapo wakati wa kuuza huondolewa kwenye thamani inayotozwa kodi.

Mambo hubadilika punguzo likiwa kiasi maalumu cha fedha. Umeambiwa, “Nakutolea elfu tano.” Zikitolewa kwenye 50,000, unalipa 52,200. Zikitolewa kwenye 58,000, unalipa 53,000. Hizo 800 zilizozidi ni asilimia 16 ya zile elfu tano, na safari hii zinatoka kwako. Hapo hakuna lazima aliyekuibia, kwani elfu tano kamili umepunguziwa. Swali ni mlikuwa mnazungumzia bei ipi. Dukani, ambako bei iliyobandikwa kwenye bidhaa kwa kawaida ina kodi ndani yake, punguzo hutoka kwenye bei hiyo, na kodi huchambuliwa kutoka kwenye kile ulicholipa: 53,000 mara 16 gawanya kwa 116, yaani kama 7,310.

Ndugu zetu walioko Marekani wana kizungumkuti kingine, kwa kuwa kule kodi ya mauzo huongezwa unapofika kwa keshia. Jimboni Kalifonia, ambako kiwango cha chini ni asilimia 7.25, bidhaa ya dola 100 yenye kuponi ya dola 20 ya duka lenyewe hutozwa kodi juu ya 80, nawe unalipa 85.80. Kuponi hiyohiyo ikiwa ya kiwanda, kodi hukokotolewa juu ya 100 na unalipa 87.25. Sababu ni kwamba kiwanda kitamrudishia mwenye duka zile dola 20, kwa hiyo yeye ameuza kwa 100 kamili.

Basi ukitajiwa punguzo la fedha taslimu, uliza kabla ya kulipa: linatoka kwenye bei yenye VAT au isiyo nayo? Kisha uitake bei ya mwisho kwa maandishi.