Kupima Mpumuo wa Vipasuo Sighuna katika Spektrogramu: Mfano wa Neno *Paa*

Tahajia sanifu ya Kiswahili huandika *paa* la nyumba na *paa* mnyama kwa herufi zilezile. Hata hivyo, katika matamshi ya wazawa wengi wa pwani, neno la kwanza, la ngeli ya 5, halina mpumuo, ilhali la pili, la ngeli ya 9, hutamkwa [pʰaa]. Mpumuo huo ni masalia ya nazali ya kiambishi ngeli iliyodondoka mbele ya kipasuo sighuna. Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, wazawa hao huishi pamoja na wazungumzaji wenye asili ya bara, ambao wengi wao hawatofautishi maneno hayo. Hivyo, dai kwamba tofauti hiyo imetoweka jijini Dar es Salaam linahitaji kipimo, si sikio la mtafiti pekee.

Kipimo chenyewe ni muda wa kuanza mghuno, yaani muda kati ya kuachiwa kwa kipasuo na kuanza kwa mtetemo wa nyuzi sauti. Kwa kuwa maandishi hayatofautishi maneno haya, msemaji huoneshwa picha, kisha hutamka neno ndani ya sentensi moja isiyobadilika, kama vile "Sema … tena." Katika spektrogramu, mfungo wa [p] huonekana kama eneo jeupe. Mstari mwembamba wa wima unaofuata ni mpasuko, na hapo huwekwa alama ya kwanza. Alama ya pili huwekwa kwenye mstari wa kwanza wa mfululizo wa mistari ya wima yenye vipindi vinavyokaribiana, ambao huanzia chini kabisa ya picha. Wingu hafifu lililo kati ya alama hizo ndilo mpumuo.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mpasuko wa *paa* la nyumba ukiwa kwenye sekunde 0.412 na mghuno kwenye 0.430, muda ni milisekunde 18. Kwa *paa* mnyama, mpasuko ukiwa kwenye 0.398 na mghuno kwenye 0.463, muda ni milisekunde 65.

Kosa la kawaida hutokana na dirisha la uchanganuzi. Katika programu ya Praat, `Window length (s)` ya 0.005 hutenganisha mitetemo. Ikiwekwa 0.03, mitetemo huungana na mpasuko hutandazwa pande zote mbili, hata tofauti inayotafutwa ikafifia. Dalili yake ni mistari ya mlalo kuchukua nafasi ya ile ya wima. Aidha, kelele za magari hujaza eneo jeupe la mfungo. Mpasuko usipoonekana pia katika umbo la wimbi, tamko hilo huachwa.

Hatimaye, matokeo hulinganishwa ndani ya kila msemaji kwanza. Wastani wa wasemaji wote ukichukuliwa mapema, wanaotofautisha humezwa na wasiotofautisha, na tofauti iliyo hai huonekana kana kwamba imekufa.