Ruhusa ya Kwenda Kwenye Mafuriko

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli huko Old Kijabe yalilibomoa tuta hilo na kuporomoka hadi Mai Mahiu. Nyumba, magari na makumi ya watu vilisombwa kukiwa bado na giza. Shule za Kenya zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo. Serikali ikaahirisha kwa wiki moja, kisha ikaahirisha tena bila kutaja tarehe, na mwishowe zikafunguliwa Mei 13.

Katika hali kama hiyo, mfanyakazi anayetaka kwenda kusaidia hana namna ya kumwambia mkubwa wake atarudi lini. Mvua inaweza kukatika leo Nairobi na Murang'a, lakini maji yanayomwagika kutoka mabwawa ya Mto Tana huchukua siku kadhaa kufika Garissa na Garsen. Huko chini, kazi ya kambini huanza wakati watu wa juu wameshaanza kuanika godoro zao.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina likizo ya kujitolea kwenye maafa. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili angalau siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Zikiisha, kinachobaki ni likizo bila malipo, na hiyo ni hiari ya mwajiri. Australia ni tofauti: sheria yao ya mwaka 2009 humpa mwanachama wa kikosi cha dharura kinachotambuliwa likizo bila malipo isiyo na idadi maalum ya siku, mradi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo na kukadiria muda. Hilo la kukadiria ndilo linalofaa kuigwa hata pasipo na sheria.

Tuchukue mfano wa karani wa bohari jijini Nairobi aliyebakiza siku 12 za likizo. Akiandika kwamba anaomba ruhusa "hadi hali itulie", meneja hawezi kupanga zamu wala kumtafuta mtu wa kushika nafasi yake, na jibu rahisi ni kukataa. Afadhali aandike hivi: "Naomba likizo ya mwaka kuanzia Jumatatu Mei 6 hadi Ijumaa Mei 10. Kabla ya saa sita mchana Alhamisi nitakujulisha kama nitarudi au nitaomba wiki ya pili. Kwa vyovyote sitapita Mei 24." Sasa meneja ana siku ya kwanza, siku ya kupata habari, na ukingo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mei 10 ilikuja kutangazwa sikukuu ya kitaifa ya maombolezo na kupanda miti, na kwa kuwa likizo huhesabiwa kwa siku za kazi, wiki ya kwanza ingemla siku nne tu. Wiki ya pili ingekula tano. Tatu zilizosalia angezihifadhi kwa dharura za nyumbani, na kuanzia Mei 20 aombe likizo bila malipo. Hapo mshahara utapungua, ilhali mkopo wa chama cha akiba unaokatwa humo hausubiri. Ni vyema apange malipo yake kabla ya kuondoka.

Barua hiyo itaje pia nani atashika funguo za bohari, nani atatia saini mizigo inayoingia, na hesabu ya bidhaa ilifungwa siku gani. Mameneja wengi huhofia zaidi kazi kulala kuliko mtu kutokuwepo.

Mambo huharibika pale ruhusa inapokuwa ya mdomo. "Nenda, tutaongea" si ruhusa. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kweli, kifungu cha 41 kinampa haki ya kusikilizwa kwanza, lakini atajitetea vipi bila maandishi? Hata ujumbe mfupi wa simu uliojibiwa "nimekubali" unatosha kuwa kumbukumbu. Na maombi ya kuongeza muda yatumwe kabla siku zilizokubaliwa hazijaisha, kwa sababu mafuriko hukata umeme na mtandao. Aliyengoja hadi jioni ya mwisho huenda asipate hata chaji.

Jambo moja ni la kuuliza upande wa pili, kwa shirika litakalompokea. Sheria ya fidia kwa ajali za kazini humlinda mfanyakazi anapoumia akiwa katika shughuli za mwajiri wake. Akiteleza kutoka kwenye boti huku yuko likizo, ajali hiyo si ya bohari. Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari, amwulize kiongozi wa kikosi kama wafanyakazi wa kujitolea wamekatiwa bima, inagharamia nini, na nani atapigiwa simu nyumbani. Aombe pia barua fupi ya kuthibitisha tarehe zake za kuwepo kambini, aiwasilishe ofisini pamoja na fomu ya likizo.