Asha, mkasi na tukio lisilotajwa

Asha alikata kitambaa kwa mkasi sebuleni. Ukiikubali sentensi hii, huwezi kukataa kwamba alikata kitambaa kwa mkasi, wala kwamba alikikata sebuleni, wala kwamba alikikata. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Kazi ni kueleza linatoka wapi.

Mantiki ya kawaida hukichukulia kitenzi kama uhusiano: Kata(Asha, kitambaa). Ukiongeza mkasi, unapata uhusiano wa vitu vitatu. Ukiongeza sebule, wa vinne. Kwa macho ya mantiki hizo ni kauli tatu tofauti, na hakuna kanuni inayoruhusu kutoka moja kwenda nyingine. Mwanafalsafa Mwingereza Anthony Kenny aliionyesha shida hii mwaka 1963. Unaweza kudai kwamba kitenzi kina nafasi zote tangu mwanzo, nyingine zikiachwa wazi. Lakini nafasi ngapi? Baada ya mkasi na sebule kuna usiku wa manane, kuna taa ya chemli, na hatufiki mwisho.

Mwaka 1967 Mmarekani Donald Davidson alipendekeza kwamba sentensi kama hiyo inazungumzia kitu kimoja zaidi ambacho haikitaji: tukio lenyewe. Katika sura aliyoiendeleza Terence Parsons mwaka 1990, mtenda na mtendwa nao hutenganishwa na kitenzi:

```
∃e [Kukata(e) & Mtenda(e, Asha) & Mtendwa(e, kitambaa)
    & Kwa(e, mkasi) & Katika(e, sebule)]
```

Yaani, kuna tukio e, ni la kukata, mtenda wake ni Asha, na kadhalika. Kila kielezi ni kauli yake, imeunganishwa na nyingine kwa "na". Kuacha kielezi ni kudondosha kauli moja tu, jambo ambalo mantiki huliruhusu siku zote. Ndiyo maana pia "kitambaa kilikatwa" inafuata: kauli ya mtenda imeachwa.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi uko upande wa pili. Tuseme Asha alikikata kitambaa hicho mara mbili: barazani kwa mkasi, sebuleni kwa wembe. Basi ni kweli kwamba alikikata kwa mkasi, na ni kweli kwamba alikikata sebuleni. Lakini si kweli kwamba alikikata kwa mkasi sebuleni. Kila sentensi ina e yake, na hakuna kinacholazimisha hizo mbili ziwe moja. Bila matukio ya kuhesabu, ni vigumu kusema kilichokosekana ni nini.

Si vielezi vyote vinavyotii. "Nusura Asha akate kitambaa" haisemi kuna tukio la kukata lenye sifa ya unusura. Haikukatwa nguo yoyote. Na haraka? Davidson mwenyewe alitoa mfano wa anayevuka Mlango-Bahari wa Uingereza kwa saa 15: kama kuogelea ni haraka, kama kuvuka ni polepole. Ikiwa kuogelea na kuvuka ni tukio moja, litakuwa haraka na polepole kwa pamoja. Vielezi vya aina hiyo aliviweka kando.