Gari Moja, Faida Mbili

Kampuni ndogo ya kusambaza vinywaji jijini Dar es Salaam inanunua gari la mizigo la tani tatu kwa shilingi milioni 40. Fedha zimetoka benki kwa siku moja, lakini mhasibu hawezi kuziandika zote kuwa gharama ya mwaka huo, kwa sababu gari litafanya kazi kwa miaka kadhaa. Anazigawa katika miaka hiyo, na sehemu inayoangukia kila mwaka ndiyo huitwa uchakavu.

Kwa njia ya mstari mnyoofu, kila mwaka hukatwa kiasi kilekile. Tuseme gari litadumu miaka mitano na mwishowe halitakuwa na thamani yoyote: uchakavu ni milioni 8 kwa mwaka. Kwa njia ya salio linalopungua, isiyobadilika ni asilimia, nayo hupigwa kwenye thamani iliyobaki, si kwenye bei ya kununulia. Tukichukua asilimia 37.5, mwaka wa kwanza zinakatwa milioni 15 na kubaki milioni 25. Mwaka wa pili asilimia hiyo inapigwa kwenye 25, zinakatwa kama milioni 9.4. Ukifika mwaka wa tano kinachokatwa ni milioni 2.3 hivi, na bado zimesalia karibu milioni 3.8 zinazongoja miaka ya mbele.

Asilimia 37.5 haikuokotwa tu. Ndiyo iliyowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 kwa magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7, pamoja na kompyuta. Hapa wafanyabiashara wengi huteleza. Katika vitabu vyake kampuni inaweza kuchagua njia inayolingana na matumizi ya gari, lakini mbele ya kodi haina uchaguzi: sheria imepanga mali katika madaraja na kila daraja lina njia yake. Majengo ya kawaida ya biashara hukatwa kwa mstari mnyoofu, asilimia 5 kwa mwaka. Ardhi iliyo chini yake haikatwi kabisa.

Kwa hiyo anayeandaa ritani huanza na faida ya vitabuni, akarudisha juu yake milioni 8 za uchakavu wa vitabuni, kisha akatoa uchakavu wa kisheria. Ukikuta hesabu ya kodi ambayo kiasi kilichorudishwa na kilichotolewa ni kilekile hadi senti, muulize aliyeiandaa. Kuna uwezekano mkubwa kwamba amenakili tu.

Sasa tuone kodi yenyewe. Tuseme kila mwaka kampuni inabaki na milioni 30 kabla ya kuhesabu uchakavu, na kodi ya makampuni ni asilimia 30. Kwa mstari mnyoofu, faida ingekuwa milioni 22 na kodi milioni 6.6 kila mwaka. Kwa salio linalopungua, mwaka wa kwanza inatozwa faida ya milioni 15 tu, na kodi ni milioni 4.5. Kampuni imebaki na milioni 2.1 mkononi, wakati ambao pengine bado inalipa mkopo wa gari hilohilo. Lakini fedha hizo hazikusamehewa. Mwaka wa nne kodi inafika milioni 7.9, na wa tano milioni 8.3, ingawa biashara haikukua hata kidogo. Mwenye kampuni anayekadiria kodi ya mwaka huu kwa kutazama ya mwaka jana atapungukiwa wakati wa kulipa awamu.

Hesabu huwekwa sawa gari linapouzwa. Tuseme mwanzoni mwa mwaka wa nne linauzwa kwa milioni 14. Vitabuni lilikuwa limebaki na thamani ya milioni 16, kwa hiyo kuna hasara ya milioni 2. Ukizijumlisha na 24 zilizokwisha kukatwa unapata 26. Kwa upande wa kodi zilikwisha kukatwa karibu milioni 30.2 na kubaki 9.8. Bei ya kuuzia imezidi salio kwa milioni 4.2, nazo zinaingizwa kwenye mapato na kutozwa kodi. Ondoa 4.2 kwenye 30.2, unarudi kwenye 26 zilezile, yaani 40 kutoa 14. Njia zote mbili zimekubali gharama ileile. Zilichotofautiana ni mwaka wa kuikubali.

Wasambazaji wazoefu wana jambo moja zaidi wanalolijua. Sheria haifuatilii kila gari la daraja hilo peke yake. Huyaweka yote katika fungu moja. Kampuni ikinunua gari jingine la milioni 45 mwaka uleule, gharama hiyo inaongezwa kwenye fungu kabla bei ya gari la zamani haijatolewa: 9.8 na 45, kutoa 14. Salio linakuwa milioni 40.8, hakuna kinachoingizwa kwenye mapato, na asilimia 37.5 inaanza kupigwa humo. Anayeuza Desemba na kununua Januari, ilhali mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba, anaikosa nafuu hiyo.