Herufi Tatu Ubavuni mwa Lori

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya uandishi kwa kampuni moja ya usafirishaji jijini Dar es Salaam. Kila mtu aliijua kwa herufi tatu: zimechorwa ubavuni mwa malori, zimeshonwa kwenye mashati ya madereva. Nilipomaliza kazi niliandika ankara kwa herufi hizo hizo. Mhasibu wao aliirudisha. Akaniambia kwa upole kwamba kwenye vitabu vyake hakuna mteja wala mlipaji wa jina hilo. Nilisubiri malipo wiki sita zaidi kwa sababu ya herufi tatu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia majina haya, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba herufi za kampuni hazifanani hadhi hata zikifanana sura. Tazama benki zetu mbili, NBC na CRDB. NBC bado ni kifupisho cha kweli: jina lililosajiliwa ni National Bank of Commerce Limited, na ukiandika mkataba kwa herufi tatu pekee umeandika jina la utani. CRDB ni habari nyingine. Ilianza mwaka 1971 ikiwa benki ya maendeleo vijijini, Tanzania Rural Development Bank. Mwaka 1984 ikaitwa Cooperative and Rural Development Bank, na ndipo herufi nne zilipozaliwa: ushirika, vijijini, maendeleo, benki. Ilipobinafsishwa mwaka 1996 ilisajiliwa kwa herufi zenyewe, CRDB (1996) Limited, na leo jina lake la kisheria ni CRDB Bank Plc. Anayeandika hati akafumbua herufi hizo kuwa Cooperative and Rural Development Bank anadhani anakuwa makini, kumbe anaandika jina la taasisi ambayo haipo tena.

Kuna dalili inayokuonyesha tofauti hiyo kabla hujafungua kompyuta. Neno ambalo tayari limo ndani ya herufi likirudiwa baada yake, ujue herufi zimeacha kuwa kifupisho na zimekuwa jina. Herufi ya mwisho ya CRDB ni benki, kisha linafuata neno Bank. NMB Bank Plc ni hivyo hivyo. Herufi zake zilitokana na National Microfinance Bank, iliyotoka ubavuni mwa NBC ya zamani mwaka 1997. Kenya kuna KCB Bank Kenya Limited, iliyotokana na Kenya Commercial Bank. Marudio hayo si uzembe wa waandishi. Ni alama kwamba kampuni imebaki na herufi ambazo wateja wanazijua na kuachana na maana yake.

Wakati mwingine herufi hufumbuliwa kwa herufi nyingine. NCBA ya Nairobi haina maneno manne nyuma yake. Ni NIC na CBA zilizoungana mwaka 2019. NIC ilitokana na National Industrial Credit, na CBA ilikuwa Commercial Bank of Africa, benki iliyoanzishwa mwaka 1962 hapa hapa Dar es Salaam. Jina la kisheria la kampuni mama sasa ni NCBA Group PLC, basi.

Hayo ni majina makubwa. Shida halisi iko kwa kampuni za kawaida: msambazaji wa vifaa vya ujenzi, wakala wa forodha, mwenye malori. Herufi zake huenda ni za majina ya baba na wanawe watatu, na hakuna gazeti lililowahi kuandika maana yake. Hapo ndipo pa kuanzia na risiti. Risiti ya mashine ya EFD hubeba juu yake jina la mlipa kodi na TIN, namba yake ya utambulisho. Jina la malori linaweza kuwa lolote, lakini TIN ni ya mtu au kampuni moja tu. Kwenye ankara yangu iliyokataliwa, jibu lilikuwa mfukoni mwangu siku zote. Nilikuwa na risiti yao ya mzigo niliosafirisha, na juu yake kulikuwa na jina la maneno manne, lisilo na hata herufi moja kati ya zile tatu.

Ukishapata jina la risiti, lithibitishe BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwenye mfumo wake wa mtandaoni, ors.brela.go.tz. Hapa watu wengi hukwama kwa mambo madogo. Andika herufi bila nukta, kisha zenye nukta, kisha zenye nafasi katikati, kwa sababu mfumo hutafuta kilichosajiliwa, si ulichokusudia. Usiongeze Limited mwishoni mwa utafutaji wa kwanza, maana kampuni yako inaweza kuwa na (T) au Tanzania katikati. Majina kadhaa yakitokea, yaliyo karibu sana kwa sura, usichague kwa kubahatisha. Omba cheti cha usajili kutoka kwa kampuni yenyewe, ulinganishe namba ya usajili. Jina likibadilishwa namba hiyo hubaki, na hutolewa cheti cha kubadilisha jina kinachounganisha la zamani na jipya.

Angalia pia ulichokipata ni nini. BRELA husajili kampuni na husajili majina ya biashara, na hivyo ni vitu viwili. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Nyuma yake yupo mtu binafsi au wabia, na hao ndio wanaodaiwa na kushtakiwa. Mtu mmoja anaweza kuchora herufi za kuvutia ukutani kwa jina la biashara tu, na mteja akaamini anashughulika na kampuni yenye wakurugenzi na wanahisa. Lisipokuwepo neno Limited au Plc kwenye cheti, uliza mmiliki ni nani kabla ya kulipa malipo ya awali.

Usipoona chochote, usikimbilie kusema ni matapeli. BRELA ni ya Tanzania Bara. Kampuni ya Unguja au Pemba husajiliwa Zanzibar, kwenye wakala wa usajili wa biashara na mali, BPRA. Mashirika yaliyoundwa kwa sheria ya Bunge hayapatikani kwa utaratibu wa makampuni. TTCL ni mfano mzuri: herufi ya mwisho ilikuwa Limited, lakini sheria ya mwaka 2017 ililigeuza kuwa shirika la umma, na sasa linaitwa TTCL Corporation, L ikiwa bado imo ndani bila kuwa na kazi. Jina la shirika la namna hiyo huchukuliwa kutoka kwenye sheria iliyoliunda. Kwa kampuni ya Kenya, utafutaji hufanyika kupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen, na hati ya kuomba ni CR12, inayotaja jina kamili, namba, wakurugenzi na wanahisa.

Jambo moja BRELA haitakujibu: herufi zinamaanisha nini. Zikiwa zimesajiliwa zenyewe, msajili anajua herufi tu. Ukitaka asili yake, omba kuona katiba ya kampuni, kisha soma majina ya wanahisa wa kwanza waliotia saini. Huenda herufi zote zimo humo.

Kwenye ankara, hundi, mkataba na barua ya madai, andika jina la cheti neno kwa neno pamoja na namba ya usajili, halafu uweke herufi wanazojulikana nazo baada yake.