Televisheni ya Gesti Isiyoamsha Jirani

Usiku wa manane mgeni anafungulia mpira, korido nzima inaamka. Tiba ipo ndani ya televisheni yenyewe. Nyingi za Samsung zilizotengenezwa kwa ajili ya hoteli zina menyu iliyofichwa: kwenye rimoti bonyeza MUTE, 1, 1, 9, kisha ENTER. Max Volume ikiwekwa 25, sauti haivuki hapo.

Namba hiyo si kipimo cha kelele. Mwenye gesti afunge mlango, asimame koridoni asikilize, ndipo achague.

Power On Source akiielekeza kwenye HDMI ya king'amuzi, mgeni wa leo hakuti skrini nyeusi iliyoachwa na mwenye flashi wa jana. Panel Button Lock hufunga vitufe vya televisheni. Ila spika iliyounganishwa moja kwa moja na king'amuzi haijui kikomo hicho.