Dirisha Fupi na Dirisha Refu: Jinsi Spektrogramu Inavyosoma Usemi

Spektrogramu ni picha ya sauti iliyochorwa kwa vipimo vitatu. Muda husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, husomwa kutoka chini kwenda juu. Nguvu ya sauti huonekana kwa weusi: panapokolea pana nguvu nyingi, na panapobaki peupe hapana kitu. Jambo linalowatatiza wengi wanaoanza kuzisoma ni kwamba neno moja, lililorekodiwa mara moja, hutoa picha mbili ambazo mtu asiyezizoea hawezi kuamini kuwa ni za neno lile lile. Moja imejaa mistari myembamba iliyosimama wima. Nyingine ina mistari iliyolala, imepangana kama ngazi. Ya kwanza huitwa spektrogramu ya bendi pana, ya pili huitwa ya bendi nyembamba, na tofauti yake yote inatokana na namba moja tu: urefu wa dirisha la uchanganuzi.

Majina hayo yametokana na mashine iliyotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1940. Sauti ya sekunde 2.4 ilirekodiwa, kisha ikarudiwa tena na tena huku chujio likipanda polepole kutoka masafa ya chini hadi ya juu, na sindano yenye umeme ikiunguza karatasi iliyozungushwa kwenye pipa. Mtumiaji alichagua kati ya machujio mawili: moja lililopitisha bendi yenye upana wa hezi 300 kwa wakati mmoja, na jingine lenye upana wa hezi 45. Mwaka 1947 Ralph Potter, George Kopp na Harriet Green walichapisha kitabu kizima cha kufundisha watu kusoma picha hizo, kwa matumaini kwamba viziwi wangeweza kuutazama usemi wasioweza kuusikia.

Siku hizi hakuna pipa wala sindano. Kompyuta hukata kipande kifupi cha sauti, hukichanganua kujua kina masafa gani, hukichora kama mstari mmoja mwembamba wa picha, kisha husogea mbele kidogo na kukata kipande kingine. Kipande hicho ndicho dirisha. Katika programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam na kutumiwa na wanafonetiki kila pembe ya dunia, urefu wake huandikwa kwenye kisanduku cha `Window length (s)`. Namba inayokutwa humo ni `0.005`, yaani milisekunde 5, na hiyo hutoa bendi yenye upana wa hezi 260 hivi. Ikibadilishwa kuwa `0.03`, yaani milisekunde 30, upana wa bendi hushuka hadi kama hezi 43. Machujio mawili ya zamani, kwa maneno mengine, bado yapo. Yamebadilika umbo tu.

Kwa nini dirisha likirefushwa bendi inakuwa nyembamba? Chukulia sauti mbili, moja ya hezi 100 na nyingine ya hezi 120. Ndani ya milisekunde 10, ya kwanza hutetema mara 1 na ya pili mara 1.2. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na anayetazama kipande hicho peke yake hana njia ya kuzitenganisha. Akisubiri milisekunde 50, ya kwanza itakuwa imetetema mara 5 na ya pili mara 6. Sasa zimepishana kwa mtetemo mzima, na zinatengana waziwazi. Masafa hujulikana kwa kuhesabu mitetemo, na kuhesabu kunataka muda. Lakini anayesubiri milisekunde 50 ili apate jibu hawezi tena kusema jambo fulani lilitokea wakati gani hasa ndani ya hizo 50. Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alilieleza sharti hili kwa hesabu mwaka 1946: ukizidisha uhakika wa muda unapunguza uhakika wa masafa, na kinyume chake. Kompyuta yenye nguvu zaidi haiwezi kulikwepa.

Katika usemi, kinachoamua picha itakuwaje ni dirisha likilinganishwa na mwendo wa nyuzi za sauti kooni. Mwanamume ambaye nyuzi zake zinapigana mara 120 kwa sekunde hutoa pigo moja kila baada ya milisekunde 8.3. Dirisha la milisekunde 5 ni fupi kuliko nafasi hiyo, kwa hiyo hunasa pigo moja, kisha upungufu wa nguvu, kisha pigo linalofuata. Ndiyo maana bendi pana ina mistari wima: kila mstari ni pigo moja la nyuzi za sauti. Dirisha la milisekunde 30 hukusanya mapigo matatu na zaidi kwa pamoja. Haliwezi kuyatenganisha tena, ila lina muda wa kutosha kutambua kwamba yanajirudia kwa mpangilio, na mpangilio huo hujitokeza kama mistari iliyolala kwenye hezi 120, 240, 360 na kuendelea. Mistari hiyo huitwa hamoniki.

Faida ya dirisha fupi inaonekana vizuri katika Kimvita, lahaja ya Mombasa. Neno *kaa* la makaa ya moto hutamkwa bila mpumuo, ilhali *kaa* wa baharini hutamkwa kwa mpumuo baada ya k. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo, na wazungumzaji wengi wa mahali pengine hawana habari nayo. Katika bendi pana, k huanza kwa weupe, maana njia ya hewa imezibwa. Kisha hutokea mstari mmoja mwembamba wima: ni mpasuko, pale ulimi unapoachia. Baada yake huja ukungu wa kijivu usio na mistari, ambao ni hewa inayopita kabla nyuzi za sauti hazijaanza kupigana. Halafu mistari wima ya irabu a huanza, imepangana sawasawa. Mpimaji huweka alama kwenye mpasuko na nyingine kwenye mstari wa kwanza wa irabu. Tuseme kwa kaa la moto amepata milisekunde 25, na kwa kaa wa baharini 70. Jibu limepatikana.

Sauti hizo hizo zikitazamwa kwa dirisha la milisekunde 30, mpasuko uliokuwa mwembamba kama unywele hutapakaa kushoto na kulia. Kila dirisha linalougusa huuhesabu kuwa wake. Weupe wa mwanzo huingiwa na kivuli ambacho hakikuwamo katika sauti, na zile milisekunde 25 humezwa kabisa. Anayepima hapo atapata namba, kwa kuwa kompyuta haikatai kupimwa, lakini itakuwa namba ya dirisha na si ya ulimi. Dalili ya kosa hili ni kingo: mwanzo wa irabu unaofifia taratibu, pale ambapo sikio linasikia mkato, unaonyesha kuwa dirisha ni refu mno.

Kiimbo ndicho kinachohitaji dirisha refu. Katika Kiswahili, *Amekula* ya kutoa habari na *Amekula?* ya kuuliza zina sauti zile zile kwa mpangilio ule ule. Kinachozitenga ni kupanda na kushuka kwa sauti. Bendi pana hulionyesha jambo hilo kwa shida, kwa mistari wima inayosogeleana au kuachana kidogo. Katika bendi nyembamba hamoniki zote hupinda pamoja, na jicho huona mara moja zinapoelekea. Wasomaji wazoefu huitazama hamoniki ya kumi badala ya ya kwanza. Sauti ikipanda kutoka hezi 120 hadi 125, hamoniki ya kwanza husogea hezi 5 tu, hatua ambayo jicho haliioni. Ya kumi husogea kutoka 1,200 hadi 1,250. Inatosha kusoma kimo chake na kugawanya kwa kumi.

Hata hivyo hapa nako kuna mpaka. Sauti inayopanda kwa kasi, kwa mfano kutoka hezi 120 hadi 180 ndani ya milisekunde 200, hubadilika kwa hezi 9 katika kila dirisha la milisekunde 30. Kwa hamoniki ya kumi hayo ni mabadiliko ya hezi 90, na mstari wake unanenepa na kufifia. Kurefusha dirisha zaidi kwa tamaa ya mistari myembamba huiharibu picha pale pale kiimbo kinapokuwa na mwendo.

Kosa lililozoeleka kuliko yote hutokea kwa sauti nyembamba, hasa za watoto. Msomaji wa bendi pana huwa anatafuta fomanti, yaani mikanda minene myeusi inayoonyesha umbo la kinywa na kuitofautisha a na i au u. Kwa mwanamume mwenye hezi 120, bendi ya hezi 260 huziunganisha hamoniki mbili au zaidi, na mikanda hujitokeza. Mtoto akizungumza kwa hezi 350, hamoniki zake zimeachana kuliko upana wa bendi. Picha iliyodhaniwa kuwa ya bendi pana imegeuka nyembamba bila mtu kubadilisha chochote, na mistari yake hupimwa kana kwamba ni fomanti. Njia ya kuitambua ni rahisi: mistari ikiachana kwa nafasi sawa, na yote ikipanda pamoja sauti inapopanda, hizo ni hamoniki. Fomanti haziachani kwa nafasi sawa, na hufuata kinywa, hazifuati koo.

Dirisha likifupishwa hadi milisekunde 3, bendi hupanuka kupita hezi 430 na mikanda hurudi, ingawa ni minene. Unene huo hauna dawa. Mtoto wa hezi 350 hutoa nguvu kwenye 350, 700, 1,050 na vizidisho vinavyofuata tu. Fomanti iliyoangukia katikati ya hamoniki mbili haina kitu cha kuionyesha kilele chake. Kadhalika, kuongeza idadi ya hatua za masafa au za muda katika programu hulainisha picha tu. Mikanda huonekana mizuri zaidi, lakini habari iliyomo ni ile ile iliyoingia kupitia dirishani.

Anayechapisha spektrogramu, iwe katika tasnifu au kitabu cha shule, aandike urefu wa dirisha chini ya picha na kutaja aliyerekodiwa ni mwanamume, mwanamke au mtoto. Bila mambo hayo mawili, msomaji hana namna ya kuhakiki vipimo alivyopewa.